Namna ya Kuchagua Muundo wa Filamu Fupi ya Hali Halisi Yenye Mahojiano na Picha za Kumbukumbu Pekee: Mwongozo Kamili

Kwa miaka kadhaa nimekaa na vikundi vya vijana hapa Malindi kwenye meza ya uhariri, na kasoro inayowaangusha ni ile ile. Huja na mahojiano mazuri na picha za kale walizozitafuta kwa taabu, lakini wamekwisha kuzipanga kwa miaka, lililotangulia likatangulia na lililofuata likafuata. Filamu huenda vyema mpaka dakika ya nne, kisha hulala. Wengi huulaumu muziki au sauti, ilhali kosa limo katika muundo, kwa sababu ulichaguliwa kabla ya kupima kilichomo mkononi.

Filamu ya mahojiano na kumbukumbu haina tukio linalotendeka mbele ya kamera. Hakuna fundi anayechonga wala mvuvi anayetweka tanga. Yote yamekwisha kupita. Kinachomshika mtazamaji ni mambo mawili tu: kauli ipi inatangulia ipi, na picha ipi inazuiliwa mpaka lini. Kuchagua muundo ni kuamua mambo hayo mawili.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: filamu ya dakika 10 kuhusu jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwa ajili ya kurushia roketi. Tarehe na matukio nitakayoyataja ni ya kweli. Wahojiwa, maneno yao na vipimo vya picha nimevitunga kwa ajili ya zoezi, ili nisiziweke hadharani kauli za watu ambao hawakuniruhusu.

## Vitu vinavyohitajika

Uwe na mahojiano yote yaliyoandikwa neno kwa neno, kila ukurasa ukiwa na alama za muda. Uwe na orodha ya picha za kumbukumbu, za video na za mnato. Uwe na kadi ngumu zipatazo 60 za rangi mbili, kalamu nene, gundi ya karatasi na ukuta mtupu. Mwisho, umpate mtu mmoja asiyeijua habari hiyo kabisa, aliye tayari kukupa dakika 20 mara mbili.

Programu ya kuhariri usiifungue bado. Ukiifungua mapema utaanza kupenda vipande, na kipande ukishakipenda ni shida kukiondoa.

## Hatua ya 1: Pima maneno kabla ya kuyachagua

Chukua dakika moja ya kila mhojiwa na uhesabu maneno yake. Mzee anayesema taratibu huweza kutoa maneno 90 au 100 kwa dakika, na mtu mwenye haraka hutoa zaidi ya hayo. Kisha kumbuka kwamba filamu ya dakika 10 haiwi na maneno dakika 10. Panahitajika vituo vya kupumua, maandishi ya skrini na picha zinazoachwa zijisemee. Ukikadiria dakika 7 za maneno, basi una nafasi ya maneno 700 au zaidi kidogo, yaani kurasa mbili na nusu hivi za maandishi ya kawaida.

Katika mfano wetu kuna wahojiwa wanne: mzee mvuvi wa Ngomeni, bibi aliyekuwa akiwauzia chakula wafanyakazi wa kituo, fundi mstaafu wa kituo cha nchi kavu, na mwalimu aliyezaliwa baada ya roketi ya mwisho kurushwa. Jumla yao wamezungumza saa 3. Ukijua tangu sasa kwamba kurasa mbili na nusu tu ndizo zitakazosalia, hutachagua muundo wenye vituo kumi na viwili.

Pigia mstari kauli zile tu ambazo mhojiwa anaeleza alichokiona, alichokifanya au alichokikosa. Maoni ya jumla, kama vile «maendeleo yaliletwa», yaache. Kila kauli iandike kwenye kadi ya rangi ya kwanza, pamoja na alama ya muda.

Onyo. Usiitupe kauli kwa sababu mwaka uliotajwa unaonekana kukosewa. Katika mfano wetu mzee anasema aliona moto ukipanda kutoka baharini «mwaka baada ya Uhuru», yaani 1964. Maelezo mengi ya jukwaa hilo huanzia tarehe 26 Aprili 1967, ilipopaa setilaiti ya San Marco 2, na kijana mwenye haraka angeifuta kauli ya mzee. Lakini mwezi Machi 1964 roketi ndogo za kuchunguza anga la juu zilikuwa zimerushwa kutoka jukwaa la Santa Rita, lililo jirani. Mzee hakukosea, kumbukumbu yake inaanza mapema kuliko vitabu. Kauli ya namna hiyo inaweza kuwa nguzo ya filamu, kwa hiyo ichunguze kabla hujaigusa.

Utajua umefaulu ukiwa na kadi zisizozidi 40, na unaweza kuisoma kila moja kwa sauti bila kuanza na maelezo yako mwenyewe.

## Hatua ya 2: Pima picha, na uziulize ni shahidi wa nini

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo vikundi vingi huruka.

Kwanza hesabu sekunde. Tuseme umepata video ya kumbukumbu ya dakika 2 na sekunde 40. Ukiondoa marudio, vipande vilivyoharibika na vile ambavyo havionyeshi lolote, zitabaki kama sekunde 95. Una pia picha za mnato 11. Picha ya mnato yenye watu na mambo ya kuangalia hustahimili sekunde 7 hivi kwenye skrini, kwa hiyo 11 zinakupa sekunde 77. Jumla ni sekunde 172, hazifiki dakika 3. Filamu ni sekunde 600. Maana yake zaidi ya dakika 7 mtazamaji atakuwa akiangalia nyuso za watu wanne, na muundo wowote utakaouchagua lazima uishi na hesabu hiyo.

Pili, ipe kila picha mojawapo ya majina mawili. Picha ya ushahidi huonyesha jambo lile lile linalosemwa, mahali pale pale, wakati ule ule. Picha ya mazingira huonyesha mahali au zama, lakini si jambo lenyewe. Kila picha iandike kwenye kadi ya rangi ya pili: sekunde zake, mwaka, aina yake, na mwenye haki.

Tofauti hii si ya kitabuni. Roketi za Scout zilizotumika San Marco zilirushwa pia kutoka kisiwa cha Wallops kule Marekani na kutoka Vandenberg, California. Roketi yenyewe ni ile ile, hivyo ukitafuta video zake utaletewa za kutoka pande zote. Njia ya kuzitenga ni kutazama chini ya roketi badala ya roketi. Kama kuna nchi kavu, miti au barabara nyuma yake, hiyo si ya Ngomeni. Yetu ilisimama juu ya jukwaa lenye miguu ndani ya maji. Mtazamaji mmoja wa Ngomeni aliyewahi kuliona jukwaa hilo akiiona miti nyuma ya roketi, ataacha kuyaamini hata maneno ya wazee wake.

Tatu, andika haki. Picha za NASA kwa kawaida hazina zuio la hakimiliki na hutumika kwa kutaja zilikotoka, ingawa ndani ya video zao huweza kuwamo muziki au vipande vya mtu mwingine. Picha za taasisi za Italia, za mashirika ya utangazaji kama KBC, na za albamu za familia zinahitaji ruhusa ya maandishi. Ruhusa inaingiaje katika muundo? Inaingia kwa sababu hupaswi kuitegemeza filamu nzima juu ya picha ambayo hujaruhusiwa kuitumia. Kadi isiyo na ruhusa itie alama nyekundu.

Mwisho, chora mstari wa miaka na uweke kadi zote juu yake, za maneno juu na za picha chini. Sasa rudi nyuma hatua tatu uutazame ukuta. Katika mfano wetu, picha zimerundikana kati ya 1964 na 1970, na baada ya hapo pana kadi mbili tatu tu. Maneno yamekwenda kinyume: bibi na mwalimu wanazungumza zaidi juu ya miaka iliyofuata, juu ya kazi zilizopungua na bahari iliyonyamaza. Yaani picha ni nyingi pale ambapo maneno ni machache, na maneno ni mengi pale pasipo na picha.

Utajua umefaulu ukiweza kumwonyesha mwenzako kwa kidole wapi ukuta ni mnene na wapi ni mtupu, na umwambie sababu.

## Hatua ya 3: Tafuta swali linalojibiwa kwa kuchelewa

Swali ninalolisema si mada. «Historia ya San Marco» ni mada. Swali ni jambo ambalo mtazamaji akishaliulizwa dakika ya kwanza hatatulia mpaka alijue, na ambalo mahojiano yako, si akili yako, yana jibu lake.

Soma kadi na utafute mahali mhojiwa anaposema jambo ambalo mwingine analikamilisha bila kujua. Mzee anasema kwamba siku moja ya sherehe walikatazwa kutoka na vyombo, wakakaa pwani wakingoja, wala hakuna aliyewaambia wanangoja nini. Fundi anasema kwamba tarehe 12 Desemba 1970 walirusha setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Setilaiti hiyo ndiyo ya kwanza kabisa iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Kwa hiyo mzee ana siku bila jina, na fundi ana jina bila pwani. Swali linajitokeza lenyewe: watu wa Ngomeni walikuwa wakingoja nini asubuhi ile?

Filamu hii haina msimulizi, kwa hivyo jambo ambalo hakuna mhojiwa aliyelisema litaingia kwa maandishi ya skrini tu. Nashauri yasizidi matano kwa dakika 10. Ukiona jibu la swali lako linahitaji maandishi saba, au rudi kwa fundi umwulize swali moja zaidi, au tafuta swali jingine.

Utajua umefaulu ukilisema swali kwa sentensi moja, na mtu asiyeijua habari akakuuliza, «Ehe, ikawaje?»

## Hatua ya 4: Panga miundo mitatu ukutani, kisha ujaribu kuivunja

Piga picha ukuta wako, kisha uzipange kadi upya mara tatu. Usiruke hata mmoja kati ya miundo hii, kwa sababu ule unaoudharau ndio utakaokuonyesha udhaifu wa ule unaoupenda.

### Muundo wa miaka

Anza 1964, pita 1967 na 1970, umalizie na tarehe 25 Machi 1988, roketi ya mwisho iliporushwa kutoka jukwaani. Muundo huu ni rahisi kufuata, nao unafaa pale ambapo picha zimetawanyika sawasawa katika miaka yote. Zetu hazikutawanyika. Ukiutumia, sekunde 172 zitakwisha kabla ya dakika ya tano, na nusu ya pili itakuwa nyuso tupu, tena baada ya mtazamaji kuzoeshwa roketi. Hicho ndicho kile kulala nilichokitaja mwanzo.

### Muundo wa sauti zinazopingana

Mweke fundi, anayeona fahari, upande mmoja, na mzee, aliyezuiwa bahari yake, upande wa pili, na sauti zipokezane. Muundo huu hauhitaji picha nyingi, jambo ambalo ni faida kwetu. Lakini unadai wahojiwa wawe wanazungumzia jambo moja. Zitazame kadi: je, fundi amewahi kuulizwa juu ya wavuvi? Kama hakuulizwa, ugomvi huo umeutengeneza wewe kwa mkasi, na si haki kumfanya mtu abishane na mtu asiyemsikia. Mimi huukataa muundo huu isipokuwa kila upande umepewa nafasi ya kuijibu hoja ya mwenzake.

### Muundo wa siku moja

Chagua siku moja iwe mgongo wa filamu, uiache ikiwa haijaisha, uende kwingine, kisha uirudie. Kwetu siku hiyo ni 12 Desemba 1970. Kila tunapoiacha tunakwenda kutafuta kitu kitakachotusaidia kuielewa tutakaporudi.

Hivi ndivyo ninavyoigawa. Dakika ya kwanza na sekunde 10 ni ya mzee akieleza asubuhi ile pwani, na picha za jukwaa likiwa peke yake baharini kwa sekunde 20, bila roketi. Zinazofuata ni dakika 2 na sekunde 20 za namna jukwaa lilivyofika, kuanzia moto wa 1964 hadi 1967, kwa sekunde 45 za picha. Kisha turudi kwenye siku yetu kwa dakika 1: fundi na matayarisho, sekunde 25 za watu wakishughulika. Kutoka hapo twende kwa bibi na mzee kwa dakika 2 na nusu, tukisikia kazi, soko na bahari iliyofungwa, tukiwa na sekunde 40 za picha za mnato. Ndipo dakika ya saba roketi ipande. Sehemu hiyo ni dakika 1 na robo, na ndani yake sekunde 30 za kupaa ziachwe bila kukatwa na bila mtu kusema. Dakika 1 na sekunde 45 zilizobaki ni za bibi na mwalimu, kwa picha ya sekunde 12 na basi. Nyuso zinatosha, kwa kuwa sasa mtazamaji anajua nini hakipo.

Jumlisha: 20, 45, 25, 40, 30 na 12 ni 172. Picha ni zile zile zilizokwisha mapema katika muundo wa miaka, lakini hapa zinafika hadi mwisho.

Onyo. Video nyingi za zama hizo hazina sauti. Usizitilie mngurumo wa roketi ulioutoa kwingine. Kimya, au sauti ya mzee akivuta pumzi kabla ya kusema, ni kweli zaidi.

### Namna ya kuuvunja

Chukua sehemu mbili zinazofuatana na uzibadilishe nafasi. Kama filamu inaeleweka vile vile, sehemu hizo hazikuwa na muundo, zilikuwa orodha. Katika muundo wa siku moja, ukiipeleka sehemu ya bibi na bahari iliyofungwa baada ya roketi kupaa, kupaa kwenyewe kunapoteza uzito, kwa kuwa mtazamaji hajajua ni nani aliyezuiwa ili roketi ipite. Kitu kimevunjika, na hiyo ni dalili njema. Fanya hivyo kwa kila jozi.

Utajua umefaulu ukiona jozi zote zinakataa kubadilishana, isipokuwa moja au mbili unazoweza kuzitetea.

## Hatua ya 5: Sikilizisha bila picha

Sasa fungua programu ya kuhariri. Unganisha kauli tu, kwa mpangilio wa ukuta, na penye picha acha kimya cha sekunde zilizopangwa. Utoe faili ya sauti, umpelekee yule mtu asiyeijua habari, hata kama ni barazani baada ya alasiri, na uilaze simu kifudifudi ili asitazame chochote.

Usimweleze lolote kabla. Akimaliza, mwombe akusimulie alichokisikia, nawe uandike bila kumsahihisha. Sikiliza hasa mpangilio wake. Akianza na wavuvi waliokatazwa bahari, mgongo wako unashika. Akianza na Waitaliano na miaka yao, filamu bado imo ndani ya muundo wa miaka, hata kama kadi zinasema vingine. Mara nyingi sababu ni kwamba sehemu ya pili ni ndefu mno, nayo imemsahaulisha asubuhi ile.

Akiuliza «Huyu aliyesema hapa ni nani?», tatizo ni kwamba sauti mpya imeingia kabla hajaihitaji. Usilitibu kwa jina kwenye skrini pekee. Isogeze sauti hiyo mbele mpaka pale ambapo mhojiwa aliyetangulia ameacha jambo linalomngoja yeye. Mwalimu, kwa mfano, asisikike kabla ya roketi kupaa, kwa sababu yeye ni mtu wa baada yake.

Rekebisha, kisha mrudie msikilizaji yule yule mara ya pili, na safari hii mwulize tu wapi alichoka.

## Hatua ya 6: Ondoa picha iliyo kuu

Hili ni jaribio la mwisho kabla ya kuanza kupachika picha. Tuseme ruhusa ya zile sekunde 30 za roketi imekataliwa. Zitoe kadi zake ukutani, na mahali pake uuweke uso wa mzee akieleza alichokiona: mwanga kwanza, kisha moshi, kisha mngurumo uliochelewa kuvuka maji.

Isikilize filamu tena kutoka mwanzo. Ikiwa dakika ya saba bado inafika na jibu lake, anza kuhariri leo huku ukiingoja barua ya ruhusa. Ikiwa imeanguka, basi ilikuwa ikiegemea roketi na si asubuhi ya watu wa Ngomeni. Irudishe picha ya ukuta uliyoipiga, urudi Hatua ya 3, na uzisome kadi za mzee upya.